Fomu 14, sura 16

*Swali la wiki: "Nashuti vidio fupi ya watoto wakicheza mahali pa wazi, na watu wengine wanapitapita nyuma. Nataka kuiweka mtandaoni. Fomu ya ruhusa asaini nani, na mzazi akishasaini si inatosha?"*

Haitoshi ndugu yangu. Saini ya mzazi ina kazi kubwa sana, ila saini iko kwenye karatasi na mtoto yuko kwenye vidio, na siku ya kuediti unakuta karatasi ziko huku na sura ziko kule na hakuna kitu kinachoziunganisha. Mimi yalinikuta hayo, acha niyaeleze yote maana ndo nilikojifunzia.

Tulikuwa tunatengeneza vidio ya dakika 6, watoto wanaruka kamba uwanjani. Tulijiandaa tukaona tumemaliza, fomu tulizipeleka siku tatu kabla kupitia kwa mwalimu wao wa mazoezi, zikarudi 14 zote zimesainiwa, tukashuti jioni moja kama masaa mawili hivi, watoto wamefurahi na sisi tumefurahi. Wiki iliyofuata nimekaa na klipu nasimamisha picha nahesabu sura moja moja, napata 16. Nikahesabu tena, 16. Wawili wa ziada walikuwa wapita njia tu, wameona kamba inazunguka wakaingia, na mtoto gani ataona kamba inazunguka akapita zake? Hilo tulipaswa kulijua mapema. Ila kilichonitoa jasho hakikuwa hao wawili, kilikuwa zile 14 zenyewe. Jina la mtoto limeandikwa, saini ipo, sasa huyu wa shati la kijani ndo nani? Kulikuwa na watoto watatu wa jina moja, na mmoja kati ya hao fomu yake ilikuwa na maneno mzazi aliyoyaandika pembeni kwa mkono, "uso usionekane karibu". Yupi kati ya watatu? Sikujua, na nisingeweza kujua kwa kuangalia vidio hata ningerudia mara mia.

Halafu nikaanza kusoma sehemu ambayo kwa kweli watu wengi hatuisomi fomu zikirudi, ile inayouliza aliyesaini ana uhusiano gani na mtoto. Fomu moja ilisainiwa na dada yake, ana miaka 17, yaani na yeye bado mtoto, maana Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unamhesabu mtoto ni aliye chini ya miaka 18 labda sheria ya nchi yake imtambue mtu mzima mapema zaidi. Nyingine alisaini mwalimu wa mazoezi mwenyewe, akaandika mzazi yuko safarini. Hakuwa na nia mbaya, alitaka mtoto asikose. Ila mwalimu, kocha au mwenye eneo anaweza kukupa ruhusa ya kuingia na kamera mahali pake, ruhusa ya kuonyesha sura ya mtoto sio yake kuitoa, hiyo ni ya mzazi au mlezi anayetambulika kisheria. Hizi ni ruhusa mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku.

Nikapiga simu. Mama wa yule aliyesainiwa na dadake aliniambia, "Mwanangu, mimi nisingekataa, ila mngeniuliza mimi mwenyewe." Akaja akasaini, yakaisha. Yule wa mwalimu ikawa tofauti kabisa. Anayemlea ni bibi yake, na bibi alikataa pale pale, akasema kuna mtu katika familia hatakiwi kujua mtoto anaishi wapi. Sikuuliza zaidi. Nilikaa kimya nikiangalia ile klipu kwenye skrini, mtoto anacheka katikati kabisa ya picha, nyuma yake kuna ukuta wenye maandishi makubwa yanayotaja mahali. Tungeiposti hivyo hivyo na tungekuwa na fomu yenye saini mkononi.

Kwa hiyo sasa hivi nafanya hivi, na kama utachukua kitu kimoja tu kwangu chukua hiki: kila fomu ina namba kubwa juu, na kila mtoto kabla ya kucheza anasimama mbele ya kamera kashika kikaratasi chenye namba ile ile, sekunde tatu tu, uso mbele, basi. Watoto 14 haichukui hata dakika 5. Hizo klipu haziendi popote zaidi ya kwangu, ni za kulinganisha. Asiye na namba haingii kwenye eneo la kushuti, na kuna mtu mmoja kwenye timu kazi yake ni hiyo tu, anasimama pembeni hashiki kamera wala maiki, anaangalia nani kaingia. Mtoto wa nje akitaka kucheza tunasimamisha kamera, anacheza, akishatoka tunaendelea. Wenye masharti kama yule wa "uso usionekane karibu" namba zao naziandika kwa rangi nyekundu, nazibandika nyuma ya kamera ili anayeshuti azione saa ile ile, sio mimi nizigundue wiki ijayo.

Fomu yenyewe usiichukue tu mahali ukaibadilisha jina juu. Mzazi anatakiwa kuelewa vitu vichache: nani anatengeneza, vidio inahusu nini, itaonekana wapi na kwa muda gani, kama jina la mtoto litatajwa (mi huwa silitaji), kama mnaweza kukata vipande mkavitumia kwingine, kama kuna malipo au hakuna, na namba ya kupiga akibadili mawazo. Hapo kwenye "itaonekana wapi" ndo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mzazi kakubali vidio ya michezo, miezi mitano baadaye anamkuta mwanawe kwenye tangazo la bidhaa. Ridhaa ya stori sio ridhaa ya tangazo, weka visanduku viwili tofauti kila kimoja na saini yake, ukitaka kwenda nje ya hapo rudi uombe upya. Iandike kwa lugha anayoisoma, asiyesoma msomee mbele ya shahidi naye aweke dole gumba na shahidi asaini. Umpe na yeye nakala, hata ya kupiga picha kwa simu yake, maana mtu hawezi kukumbuka alichokubali kama karatasi unayo wewe peke yako.

Na mtoto mwenyewe umuulize. Mama kusaini hakumfanyi mtoto awe tayari. Nachuchumaa niwe sawa na macho yake namuuliza kwa maneno yake, "Tunataka kukuchukua ukiruka, watu wengi wataona, hata usiowajua, unataka au hutaki?" Akiangalia chini, akimwangalia mama yake kwanza, au akisema ndio kwa sauti ya kuishia, kwangu hiyo ni hapana. Anacheza kama kawaida, kamera haimfuati.

Sasa wapita njia wazima. Nchi nyingi kushuti mahali pa wazi hakukatazwi, ila kuchapisha sura ya mtu anayetambulika ni suala lingine na sheria zinatofautiana sana, kwa hiyo angalia ya pale unaposhuti na pale itakapochapishwa. Mimi kipimo changu ni hiki: nikimtoa huyu mtu kwenye picha, stori inabadilika? Mtu anayepita mbali nyuma, haonekani vizuri, sekunde mbili katoweka, simfuati. Ila kamera ikimsogelea, akiongea, akicheka na watoto, huyo kashakuwa sehemu ya vidio, namfuata na fomu kabla hajaondoka. Mara nyingi unashuti kwanza ndo unaomba maana ukiomba kwanza tukio limeshapita, sawa, lakini akisema hapana unafuta mbele ya macho yake. Kama hana muda wa fomu, mtu mzima anaweza kukubali mbele ya kamera, anataja jina, tarehe, anasema anajua ni vidio ya nini na itawekwa wapi. Hiyo inasaidia kama ushahidi, japo ni dhaifu kuliko karatasi, na kwa mtoto siitumii kabisa. Lile tangazo la ukutani kwamba ukiingia hapa unarekodiwa linafaa kwa umati wa watu wazima kwenye eneo lenye mlango, halikupi haki ya kumvuta mtu uso kwa karibu.

Utaniambia nitaziba nyuso. Inasaidia, ila angalia vizuri inasaidia wapi. Yule wa bibi tulijaribu kumziba kwanza. Nikaitazama vidio taratibu fremu kwa fremu, akiruka juu haraka ule ukungu tuliomzibia uso unachelewa, uso unatoka nje kama fremu tatu nne hivi, na mtu yeyote anaweza kusimamisha hapo hapo. Tukaurekebisha. Halafu nikavaa hedifoni nikasikia mwenzake anamwita kwa jina lake, tena mara mbili. Na shati lina nembo ya shule. Na ule ukuta. Kwa anayemjua, huyo mtoto kaonyeshwa tu. Tulichofanya mwisho tulimkata kabisa, klipu yote ya katikati ikaenda, vidio ikashuka kutoka dakika 6 hadi 4 na nusu, na moyo uliniuma maana ilikuwa klipu nzuri kuliko zote. Wale wawili wasio na fomu, mmoja tulimpata mama yake akasaini, mwingine hatukumpata naye tukamkata. Picha ya kava na kipande cha kutangazia navyo vikaguliwe hivyo hivyo, vinasahaulika kwa sababu mara nyingi vinatengenezwa mapema na mtu mwingine.

Kabla ya kumtumia mtu faili la asili angalia pia kama simu yako iliandika mahali liliposhutiwa, simu nyingi zinaandika ndani ya faili na unaweza kuzima kwenye setingi za kamera.

Na hizi namba zinasaidia hata baadaye. Miezi 8 baada ya kuweka vidio nyingine tuliyoishuti kwa namba, simu ikalia, mama wa namba 9, anasema wamehama na anaomba mwanawe atoke. Nilimwambia ukweli, kwamba kwetu nitaitoa leo ila waliokwisha kuipakua siwezi kuwafikia, na hilo kwenye fomu tulikuwa tumeliandika, akasema analijua. Nikafungua jedwali ninaloandika kila namba iko kwenye klipu zipi, namba 9, klipu mbili, moja sekunde 11 na nyingine 6. Jioni hiyo hiyo nikashusha vidio, nikazikata, nikapandisha upya, nikampigia kumwambia imeshatoka.