Maswali na Majibu: Slaidi za Mbegu Ziwe Hadithi ya Usiku

Nina slaidi 12 za kuota kwa mbegu. Nizigeuzeje hadithi ya mtoto wa miaka 4 kabla ya kulala?

Anza kwa kupunguza. Slaidi za somo hupangwa kwa mada: aina za mbegu, sehemu zake, mahitaji, hatua, maswali. Hadithi hufuata siku: kikatokea hiki, ndipo kikafuata kile. Kwa hiyo weka kando slaidi ya aina za mbegu, jedwali la kulinganisha na maswali ya mwisho. Slaidi ya sehemu za mbegu usiisome kwa mkupuo. Kila sehemu itajwe pale inapofanya kazi yake: ganda linapopasuka, mzizi unapochungulia. Ukimaliza utabaki na slaidi tano hivi zenye tukio: haragwe kavu, haragwe lililofura, mzizi, shingo iliyopinda, majani. Kila tukio lipe sentensi tatu au nne, na hadithi yote itakwisha kwa dakika tano.

Chukua slaidi iliyoandikwa "Mbegu hufyonza maji, hufura, ganda hupasuka." Kwa mtoto inakuwa hivi: "Haragwe lilikuwa kavu na gumu kama kokoto. Maji yakaingia kidogo kidogo, usiku kucha. Haragwe likafura, likafura, mpaka ganda likabana. Taratibu, ganda likachanika." Wengi huweka "paa!" hapo. Ganda la haragwe halipasuki kwa kishindo, na mtoto aliyekwisha kusinzia hana haja ya kushtuliwa.

Usivuruge mpangilio. Mzizi hutoka kwanza, tena unaelekea chini, kwa sababu mche unahitaji kushika udongo na kunywa maji kabla ya kuinuka. Slaidi nyingi zina mchoro mmoja wenye mzizi na majani kwa pamoja, na anayesimulia akiutazama huyaotesha yote siku moja.

Tukio la shingo ndilo zuri kuliko yote, na ndilo wanaloruka. Kijishina cha haragwe hakichomozi kwa ncha. Kinapinda kama ndoano, kinasukuma udongo kwa mgongo, na nusu mbili za haragwe zinavutwa nyuma yake. Hivyo kichipukizi laini kilichofichwa katikati ya nusu hizo hakichubuliwi na udongo. Mwambie mtoto akunje kidole cha shahada chini ya shuka, ainue kitambaa kwa kifundo, kisha akinyooshe kidole kikifika nje. Akifanya hivyo mara moja, hutahitaji kumweleza tena.

Slaidi yangu inasema mbegu inahitaji maji, hewa, joto na mwanga ili iote. Niviweke vyote vinne?

Ondoa mwanga. Haragwe huota gizani bila shida yoyote. Linalohitaji mwanga ni jani, baada ya kutoka nje, ili litengeneze chakula. Zipo mbegu ndogo zinazosubiri mwanga, baadhi ya letasi kwa mfano, lakini hizo si za hadithi hii. Kosa hili nimelisahihisha hapa mara nyingi na bado slaidi zinanakiliwa nalo. Linaudhi zaidi kwenye hadithi ya usiku, kwa maana linamnyima mtoto jambo la kweli analoweza kulala nalo: haragwe linafanya kazi yake ya kwanza gizani, na giza halilidhuru.

Mtoto ameuliza haragwe linakula nini huko chini. Nimemwambia linakula udongo.

Rekebisha kesho usiku. Chakula kimo ndani ya haragwe lenyewe. Lile unaloligawa mara mbili ukilimenya ni akiba: wanga na protini zilizowekwa humo na mmea mama. Mche mchanga unakula akiba hiyo mpaka majani yaweze kujitegemea. Ushahidi upo wazi, kwani nusu hizo zinapanda juu na shina, zinanyauka na kukunjamana siku baada ya siku, kisha zinadondoka. Kwa lugha ya mtoto: "Haragwe lilikuwa limefungashiwa chakula cha safari." Hata mmea mkubwa hauli udongo. Unavuta maji na chumvichumvi kupitia mizizi, na sukari yake unaitengeneza kwenye majani.

Naweza kumwonyesha slaidi zenyewe kwenye simu akiwa kitandani?

Hapana. Chapisha michoro mitano au msimulie kwa mdomo. Mwanga wa kioo karibu na macho unafukuza usingizi.

Naweza kusema mbegu ilikuwa imelala?

Ndiyo. Mbegu kavu iko hai, ila shughuli zake ni za polepole mno. Usiseme tu kwamba ilikufa ikafufuka, maana iliyokufa haioti hata ukiimwagilia mwezi mzima.

Slaidi zina haragwe na hindi. Nitumie lipi?

Haragwe. Hindi huacha punje yake chini ya udongo na kutokeza kwa ncha kali iliyovikwa ala, kwa hiyo hakuna shingo wala nusu mbili za kuonyesha. Ukichanganya mbili hizo ndani ya hadithi moja, mtoto hapati picha ya yoyote.

Mzizi unajuaje chini ni wapi na huko ni giza? Ameniuliza nikanyamaza.

Swali zuri kuliko mengi ninayoletewa na watu wazima. Ndani ya ncha ya mzizi mna vichembe vizito vya wanga. Vinatulia upande wa chini, kama mchanga unavyotulia ndani ya chupa ya maji, na mzizi unakua kufuata upande huo. Hata ukiliweka haragwe kichwa chini miguu juu, mzizi utapinda na kushuka.

Baada ya hadithi tulipanda maharagwe kwenye pamba ndani ya glasi. Siku ya 6 yananuka na yana utelezi.

Yamezama. Mbegu iliyofura inapumua kwa nguvu, na ikizungukwa na maji matupu inakosa hewa, kisha bakteria wanaiozesha. Tupa, osha glasi, anza upya. Loweka maharagwe usiku mmoja tu. Pamba iwe na unyevu lakini ukiibana kwa vidole isitiririshe maji. Yabandike maharagwe kati ya pamba na ukuta wa glasi ili mtoto aone, na maji yasituame chini. Mahali penye joto mzizi huonekana ndani ya siku mbili hadi nne. Weka matano, kwa kuwa moja likigoma hadithi haitakatika njiani.

Naomba hadithi kamili ya mbegu, iwe tayari.

Swali hili huja kila mara bila umri wa mtoto, bila aina ya mbegu, bila slaidi. Soma jibu la kwanza, kisha uandike sentensi zako.

Slaidi ya mwisho ni ua, ganda na mbegu mpya. Nimalizie hapo?

Hapo pamekaa mbali sana. Kutoka majani hadi ganda ni wiki kadhaa, na mtoto atauliza yote yaliyorukwa. Simama kwenye majani mawili ya kwanza ya kweli, yale yanayofunguka kati ya zile nusu mbili. Majani ya haragwe huinuka mchana na kuinama usiku, na unaweza kuliona hilo kwenye mche wowote jioni. Basi malizia hivi, kwa sauti ya chini: "Jua likazama. Jani la kwanza likainama. Jani la pili likainama."