Akili mnemba inasoma invoisi, haijui katoni ina pisi ngapi

Nyie mnaoanza kazi ya invoisi kwenye ERP, yaani sistimu ya kuendesha hesabu na stoo za kampuni, ile asilimia ya uhakika ambayo akili mnemba inaonyesha pembeni ya kila kisanduku ilichosoma mnaielewa vibaya na inaniuma kwa sababu hasara yake inakuja kuonekana mwisho wa mwezi. 99% maana yake sistimu ina uhakika hizo herufi imezisoma sawa, basi. Haijasema kwamba hiyo namba ndiyo inayotakiwa kwenye hesabu zako.

Chukua mfano huu. Oda ilitoka kwa pisi, pisi 240 kwa bei ya 2,000, jumla 480,000. Stoo wakapokea pisi 240 wakaingiza. Sapraya yeye anauza kwa katoni ya pisi 24, kwa hiyo invoisi yake inasema 10 kwa 48,000, jumla 480,000. Sistimu inasoma 10, inasoma 48,000, inazidisha, jumla inakubali, kila kitu kijani. Ila ukija kulinganisha oda, mapokezi na invoisi inagoma, idadi haiendani na bei imezidi ile ya kwenye oda, na hapo ndo mtu mgeni anaona "mbona jumla ni ileile" anabonyeza kuruhusu.

Sasa angalia kilichotokea. Sistimu imehesabu kwamba imelipia pisi 10 tu, kwa hiyo kwenye akaunti ya mzigo uliopokelewa bila invoisi imefuta 20,000 peke yake, pisi 230 zimebaki zinaning'inia na 460,000 yake, na 460,000 nyingine imeenda kwenye tofauti ya bei au imepandisha gharama ya bidhaa stoo, inategemea mlivyoseti. Sapraya kalipwa sawasawa kabisa lakini vitabu vinasema bado anadai, na akituma invoisi ileile tena ikiwa na namba iliyobadilika kidogo kuna mapokezi wazi ya kuipokea, yaani inaweza kulipwa mara mbili.

Dawa yake iko kwenye taarifa za bidhaa. Weka katoni 1 = pisi 24 kwa huyo sapraya, halafu kwenye skrini ya kuhakiki hakikisha kipimo cha ule mstari ni katoni kabla hujaposti, sistimu itageuza yenyewe iwe 240 kwa 2,000. Usibadilishe idadi kwa mkono ukaacha bei, utapata 11,520,000. Na marekebisho yafanye palepale kwenye kuhakiki, maana sistimu nyingi zinajifunza kutokana na unachosahihisha pale, ukiposti kwanza halafu ukaja kurekebisha kwa ingizo la marekebisho vitabuni haijifunzi kitu na invoisi ijayo italeta shida ileile.

Kitu kingine, sapraya akibadilisha katoni ikawa ya pisi 20 hakuna atakayekuambia, sistimu itaendelea kuzidisha kwa 24 bila wasiwasi. Utagundua pale idadi ikizidi mapokezi kidogo, invoisi 240 na stoo 200, basi kabla hujamlaumu mtu wa stoo mwombe akafungue katoni moja ahesabu.