Re: Pensheni inaingia pungufu kila mwezi

"Pensheni ya mama inaingia pungufu kidogo kila mwezi, nianzie wapi?"

Pole sana. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, anakaa Kariobangi, ilimpata hivyohivyo. Aliona meseji ya benki, akatoa kile kidaftari chake cha zamani cha kuandikia alama za wanafunzi, akakuta kila mwezi shilingi 120 hazipo. Sote tukadhani ni serikali imekata, nikampeleka mpaka idara ya pensheni pale Bima House, tukapanga laini asubuhi yote, kumbe slipu yao inaonyesha wametuma pesa kamili.

Kwa hivyo anza hapo, weka slipu ya pensheni kando ya stetimenti ya benki ya mwezi huohuo. Slipu ikiwa pungufu, shida iko kwa mlipaji. Slipu ikiwa sawa, benki ndiyo inakata. Na itisha stetimenti kamili, usitegemee meseji ama salio, kwa sababu kwa shangazi pesa iliingia nzima halafu chini yake kukawa na mistari miwili midogo, 100 ada ya akaunti na 20 ushuru. Alikuwa amewekwa kwa akaunti ya kawaida yenye ada ya kila mwezi na hakuna mtu alimwambia, mama wa miaka 67!

Aliandika barua, akataka kopi yake igongwe muhuri, akahamishwa akaunti na akarudishiwa miezi 6. Benki ikikataa, peleka hiyo kopi Benki Kuu, lakini lazima uanze na benki yenyewe.