Kisima kiko kwako, gharama sawa kwa sawa?

"Shangazi, shikamoo. Ninaishi Magomeni, Mtwara. Maji ya bomba kwetu hutoka kwa mgawo. Wapangaji wangu wanane wananung'unika, na kuku wangu mia nne nawatekea ndoo kwa ndoo. Nimempata mchimbaji wa visima aliyenipa makadirio ya shilingi 16,000,000, pamoja na pampu na tangi. Niliwapendekezea majirani watatu tuchange sawa kwa sawa, milioni nne kila nyumba, kisima kikae kwangu. Sisi kwetu tuko sita, kwa mwalimu wako watano, kwa fundi sita, na bibi mjane anaishi na wajukuu wawili. Mwalimu ananikwepa, fundi anasema atafikiri, na bibi hata salamu yangu sasa anaipokea shingo upande. Nilimwomba mume wangu akazungumze nao, akakataa katakata na kusema anaona haya. Kosa langu ni lipi, na nimfanyeje mume asiyesimama na mkewe?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ndoo, kazi hiyo naijua. Hata hivyo mume wako hajakosea. Ameona haya palipostahili haya, na kama ningekuwa mimi, nisingekwenda kugonga mlango wa mjane kumdai milioni nne kwa ajili ya kisima kitakachobaki ndani ya ua wangu.

Wazee walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na barua yako yote imevutia kwako. Wapangaji na kuku umewataja kwa pumzi moja kisha ukawaacha njiani, ilhali hao ndio watakaokunywa sehemu kubwa ya maji hayo na kukuingizia fedha. Kuku mia moja wakubwa hunywa kama lita 25 kwa siku, na joto likizidi hunywa zaidi. Mia nne wako, hata kabla ya kuosha vyombo vyao, ni sawa na binadamu wawili wanaotumia lita 50 kila mmoja. Kwa hiyo nyumba yako haina watu sita, ina watu kumi na sita: ninyi sita, wapangaji wanane, na hao wawili wa bandani. Nyumba tatu zilizobaki, zikijumlishwa, zina kumi na wanne. Unaposema "sawa kwa sawa", bibi mwenye watu watatu anakulipia maji ya wapangaji wako, naye amelitambua hilo kabla yako.

Sasa chukua karatasi. Mwombe mchimbaji avunje makadirio yake katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni tundu lenyewe: upimaji wa maji chini ya ardhi, kibali, kuchimba, mabomba ya kuzuia kuta zisibomoke, na kupima uwezo wa kisima. Gharama hii haibadiliki sana, wawe watumiaji watano au thelathini. Fungu la pili ni pampu, simtanki, mnara wake na nyaya, vitu ambavyo ukubwa wake hufuata wingi wa matumizi. Tuseme fungu la kwanza ni milioni 10 na la pili milioni 6.

Fungu la kwanza ligawe sehemu tano, yaani milioni mbili kila sehemu. Kila jirani achukue moja, nawe uchukue mbili, kwa sababu tundu linabaki katika kiwanja chako na siku ukiuza nyumba litakuongezea bei. Fungu la pili ligawe kwa vichwa thelathini, yaani shilingi 200,000 kwa kichwa. Hesabu inatoka hivi: wewe ni 7,200,000, bibi 2,600,000, mwalimu 3,000,000 na fundi 3,200,000. Jumla ni zile zile milioni 16. Utaona umeongezewa zaidi ya milioni tatu, na moyo utakuuma. Lakini uchungu huo ndio ambao majirani zako waliuhisi ulipowatajia milioni nne nne.

Wala usiseme tena "kisima kikae kwangu" kabla mpimaji hajapita. Maji hayajali ua wa nani, na kisima hakipaswi kukaa karibu na shimo la choo, la kwako au la jirani. Umbali wa mita 30 ndio unaoshauriwa kwa kawaida. Kwenye viwanja vyetu vidogo, huenda mahali pazuri pakaonekana kwa mwalimu. Ikiwa hivyo, ile sehemu ya pili itamfuata yeye nawe utalipa moja.

Jambo ambalo hukuligusa kabisa, nami linanitisha kuliko mengine, ni kisima kutoa maji ya chumvi au kutotoa kitu. Mji wetu uko pwani. Karibu na bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na mchimbaji anayelipwa kwa mita hana sababu ya kusimama mapema. Mkubaliane kwa maandishi kwamba hapiti kina alichoshauri mpimaji bila ridhaa ya nyumba zote nne. Pia msidanganywe na ndoo ya kwanza. Kisima huweza kutoa maji matamu asubuhi, kisha baada ya saa kadhaa za kuvuta pampu chumvi ikapanda. Kwa hiyo maji ya kupeleka maabara yachukuliwe mwishoni mwa jaribio la pampu, na fedha za pampu na tangi zisitoke mpaka majibu yarudi. Kisima kikishindikana, hasara ya kuchimba igawanywe sawa kwa nyumba nne, kwa kuwa hapo hakuna kilichobaki cha kuongeza thamani ya kiwanja cha mtu. Hapo tu ndipo neno lako la "sawa kwa sawa" lina mahali pake.

Kibali kinaombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo iko hapo hapo mjini. Hata kikitoka kwa jina lako, mkataba wenu utamke kwamba maji ni ya nyumba nne, na kwamba atakayenunua nyumba yako atairithi haki hiyo ya majirani kama ilivyo. Usainiwe mbele ya wakili, kwa maana neno la mdomo juu ya ardhi huzikwa pamoja na aliyelisema. Umeme wa pampu uwe na mita yake ndogo, na kila nyumba iwe na mita ya maji. Mwisho wa mwezi mnagawana LUKU kwa uniti zilizosomwa, na kidogo kinawekwa akiba, kwa sababu siku moja pampu itaungua. Kuku wako wakiongezeka, mita itasema yenyewe.

Kuhusu bibi, kama anategemea mikorosho kama wazee wengi wa huku, usimdai mwezi Juni. Alipe nusu ya kwanza minada ikianza, nusu ya pili msimu ukifungwa, na wewe mwenye kodi ya wapangaji umtangulizie, iandikwe.

Leo usiku mwombe radhi mume wako kwa kumwita asiyesimama nawe. Kisha mwonyeshe hesabu hii na umwachie aisome peke yake. Akiridhika, nendeni wote wawili kwa bibi kwanza, kabla ya mwalimu na fundi, mkakae kwenye baraza lake, na karatasi aishike yeye.