Chora eneo lako kwenye bapa la s kabla ya kuchagua nguzo

Mota ya kwanza niliyowahi kuidhibiti ilizungusha mkono mdogo wa chuma, na masharti yalikuwa matatu: isipitilize lengo kwa zaidi ya 10%, itulie ndani ya sekunde 2, na ipande ndani ya sekunde 0.6. Nilianza kwa kubahatisha namba. Leo naanza na karatasi na penseli, nawe nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Kila sharti hukata kipande cha upande wa kushoto wa bapa la s, yaani bapa la namba changamano ambamo nguzo, mizizi ya mlinganyo wa mfumo, huchorwa. Kupitiliza kunategemea uwiano wa ufifishaji, ζ, pekee: 10% inadai ζ isiyopungua 0.6 hivi, kwa hiyo nguzo zikae ndani ya kabari yenye nyuzi 53 juu na chini ya mhimili mlalo, upande wa hasi. Muda wa kutulia ni takriban 4/σ, σ ikiwa umbali wa nguzo kutoka mhimili wima, basi σ ≥ 2: chora mstari wima kwenye −2, ukae kushoto kwake. Muda wa kupanda ni takriban 1.8/ωn, ωn ikiwa umbali wa nguzo kutoka chimbuko, basi ωn ≥ 3. Hapa wengi hukosea: duara la nusu kipenyo 3 linakutaka *nje* yake, si ndani.

Nilichagua −2.5 ± j3. ωn ni 3.9 na ζ ni 0.64, na hesabu inaahidi kupitiliza 7.3%. Mota yangu ilikuwa 1/(s(s+1)), kidhibiti ni PD, kinachojumlisha hitilafu mara Kp na kasi ya badiliko lake mara Kd:

```
s^2 + (1+Kd)s + Kp = s^2 + 5s + 15.25
Kd = 4,  Kp = 15.25
```

Nikawasha. Mkono ukapita lengo kwa zaidi ya 16%. Nilirudia hesabu mara tatu, na nguzo zilikuwa palepale nilipoziweka.

Kosa lilikuwa kwenye sifuri, yaani thamani ya s inayofanya pato la mfumo kuwa sifuri. PD inayofanya kazi juu ya hitilafu huacha sifuri kwenye −Kp/Kd, yaani −3.8, karibu kabisa na nguzo, ilhali kanuni zile tatu ni za mfumo wa nguzo mbili usio na sifuri. Nilihamisha Kd ifanye kazi kwenye kasi iliyopimwa ya mkono badala ya hitilafu. Nguzo hazikusogea hata kidogo, sifuri ikatoweka, na mkono ukapitiliza 7% tu.

Ukishapata eneo, usikimbilie kushoto kabisa. Kp ni ωn², hivyo ukizisogeza nguzo mara mbili mbali na chimbuko, Kp inakuwa 61. Kwangu amri ya nusu radiani ilidai volti 7.6 mwanzoni, kwa Kp ya 61 ingedai 30.5, na usambazaji wangu wa umeme ulikuwa wa volti 12. Volti zikigota kwenye kikomo, mfumo si wa mstari tena na nguzo ulizochora hazitabiri chochote. Utalitambua hilo ukichora volti pamoja na pembe: mstari wa volti hubaki bapa kwenye 12 wakati mkono ungali njiani.