Sekunde 30 za "jitambulishe": magazinye aanze wapi?

"Yaya, Jumanne nina interviu ya umagazinye, depo moja ya Kampemba. Najua watafungua na 'jitambulishe'. Kila nikijaribu napita dakika mbili. Nianze wapi, nikate nini?"

Mdogo wangu, kata mwanzo wote. Mahali ulipozaliwa, una watoto wangapi, shule ya msingi: hayo wanayo kwenye karatasi mbele yao. Mimi nilianza hivyo katika interviu yangu ya kwanza hapa Lubumbashi. Yule mkubwa aliyekaa katikati akainamisha macho kwenye sivii yangu, akawa anafuata mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu, kama mwalimu anayesahihisha imla. Ukiona kalamu inatembea hivyo, jua unawasomea kitu wanachoweza kujisomea. Kazi ile sikuipata.

Sekunde 30 zinabeba sentensi fupi sita au saba tu. Nilijipima kwa saa ya simu, nikisema kwa mwendo wangu wa kawaida, nikaona maneno kama 65 yananitosha. Basi kwanza sema wewe ni nani kwa kazi na umeifanya wapi. Halafu taja jambo moja ulilolibadilisha, lenye hesabu. Mwisho onyesha linavyoingia katika kazi wanayoitoa. Hilo jambo moja ndilo ulipe nusu ya muda wako. Jina litaje haraka, maana wamekuita kwa jina hilo hilo mlangoni.

Hii ndiyo niliyoisema mara ya pili, baada ya jina, nikapata kazi:

"Mimi ni magazinye. Kwa miaka minne nimetunza depo ya vipuri vya malori, aina 900 hivi. Nilipofika, rafu na daftari havikupatana. Nikaanza kuhesabu rafu moja kila asubuhi, badala ya kungoja hesabu ya mwisho wa mwaka. Baada ya miezi sita, vitu visivyopatana vilishuka kutoka 40 hadi 6. Tangazo lenu linasema mnafungua depo Likasi. Ningependa kuianzisha na hesabu hiyo ya kila asubuhi tangu siku ya kwanza."

Angalia nilichokiacha. Sikusema jinsi nilivyochagua rafu ya kuanza nayo, wala vile 6 vilivyobaki vilikuwa nini. Niliviacha makusudi, kwa sababu swali la pili huwa linatoka ndani ya jibu la kwanza. Yule mama wa fedha akaniuliza palepale: "Na hivyo sita?" Nilikuwa na jibu tayari: ni vipuri vinavyotolewa usiku lori likiharibika njiani, na hati ya kutolea inaandikwa asubuhi yake. Tukazungumza dakika kumi juu ya kitu ninachokijua kuliko wote mle chumbani. Kama ningesema "mimi ni mchapakazi, mwaminifu", angeuliza nini? Maneno hayo hayana mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo chagua jambo ambalo ukichimbwa mara tatu bado una jibu. Hesabu usiyoweza kueleza ulivyoipata iache, hata kama ni kubwa na inapendeza. Kama hujafanya kazi bado, chukua staji: siku uliyogundua katoni zimeandikwa mara mbili inatosha, ilimradi ujue zilikuwa ngapi na ulifanya nini.

Usikariri neno kwa neno. Mimi nilishika vigingi vitatu tu: rafu, 40 hadi 6, Likasi. Mtu aliyekariri akikatwa katikati kwa swali anapotea, anarudi mwanzo, na pale ndipo dakika mbili zinapozaliwa. Mwenye vigingi anajibu, kisha anaendelea na kigingi kinachofuata.

Halafu Kifaransa. Hapa kwetu watakusalimia kwa Kiswahili mlangoni, ukikaa swali linakuja kwa Kifaransa. Usitafsiri kichwani ukiwa pale. Tengeneza ya Kifaransa peke yake, kwa vigingi vile vile, uipime na saa peke yake. Yangu ya kwanza ilifika sekunde 50, kwa kuwa nilikuwa nageuza neno moja moja.

Jirekodi kwa simu leo jioni, mara tano, kisha sikiliza ya tano tu. Kama imezidi sekunde 35, usiongeze mwendo. Toa sentensi nzima, na mara nyingi ni ile ya kwanza.

Ukimaliza sentensi ya mwisho, funga mdomo. Kimya kitakuja, sekunde mbili tatu, na utatamani kukijaza na "basi ni hayo tu" au kurudi kwenye shule yako. Kiache. Wanaandika.