Barua za zamani hazionekani kwenye simu: angalia muda wa kusawazisha

"Barua pepe zangu za kazini kwenye iPhone zinaishia mwezi mmoja nyuma, ila kwenye kompyuta zipo zote. Za zamani zimefutwa?"

Hapana, hazijafutwa. Zipo kwenye seva, ila simu imewekewa kipimo cha siku na haibebi barua iliyozidi kipimo hicho.

Yalinikuta hayo hayo. Tarehe 20 Mei nilikuwa natafuta barua ya mteja ya tarehe 8 Aprili. Kompyuta ilikuwa nayo, lakini kwenye simu barua ya chini kabisa ilikuwa ya 20 Aprili. Nikaondoa akaunti nikaiweka upya, na orodha ikakomea pale pale. Kesho yake barua ya chini ikawa ya 21 Aprili, na hapo ndipo nilipoelewa. Barua zikipotea kwa hitilafu, pengo hubaki mahali pamoja. Lakini mpaka wa barua ukisogea siku moja kila siku, ujue ni kipimo cha tarehe kinachofanya kazi. Nawe jaribu: andika leo tarehe ya barua ya mwisho, kisha itazame tena kesho.

Ukihakikisha, fungua Settings, kisha Apps, Mail, Mail Accounts (kwenye matoleo ya kabla ya iOS 18 unaanzia Settings, Mail, Accounts). Gusa akaunti yako ya Exchange, halafu Mail Days to Sync. Yangu ilikuwa 1 Month. Nikachagua No Limit, nikaiacha simu kwenye chaji na waifai usiku kucha, maana sanduku lenye barua za miaka halishuki kwa dakika tano. Kama nafasi kwenye simu ni ndogo, fikiria kwanza, kwa sababu zote zitataka pa kukaa. Siku ukirudisha 1 Month, za zamani zitaondoka kwenye simu peke yake. Kwenye seva haiguswi hata moja.

Mpangilio huu utauona kwenye akaunti za Exchange. Akaunti ya IMAP kwenye iPhone haina kipengele hicho, kwa hiyo usipoteze muda kukitafuta huko.

Ikiwa umechagua No Limit, umesubiri, na bado mpaka unasogea kila siku, basi kikomo kimewekwa upande wa seva, na simu haiwezi kukivuka. Hapo usihangaike tena na simu. Mwombe msimamizi wa barua pepe ofisini kwenu aendeshe amri hii:

```
Get-MobileDeviceMailboxPolicy | fl Name,MaxEmailAgeFilter
```

Ikisomeka `OneMonth` kwenye sera inayokuhusu, sababu imepatikana. Akitaka kukiondoa kikomo ataweka `All`, lakini sera hiyo huwa inagusa simu za wengi, kwa hiyo anaweza kukataa. Akikataa, za zamani zisome kwa kivinjari cha simu, ukiingia kwenye barua pepe ya ofisi kupitia wavuti. Kule kipimo hiki hakihusiki.